Gesi ni mpagazi: fuata joto la friji kwa mkono kabla hujashika gegi

Mdogo wangu unayeanza ufundi friji, neno utakalolisikia kuliko yote kwa wateja hapa Tabora ni "fundi, imeisha gesi". Friji ina rilei mbovu, watasema imeisha gesi, mpira wa mlango umechoka, watasema imeisha gesi. Sasa we ukiingia nyumba ya mtu na hilo neno kichwani utachomeka chupa kila unapokwenda na utaua kompresa za watu ambazo zilikuwa nzima kabisa. Gesi ya friji haichomwi kama petroli ya bodaboda, haipungui kwa kutumika. Kama bomba hazivuji, gesi iliyowekwa kiwandani ndo hiyohiyo itakuwa inazunguka mpaka friji inatupwa.

Mi vijana wangu nawaelewesha kwa wapagazi. Kila mtu hapa Unyanyembe anajua habari za wapagazi wa Kinyamwezi waliokuwa wanabeba mizigo kutoka bara mpaka pwani. Mpagazi hatengenezi mzigo, anaubeba sehemu moja anautua nyingine, afu anarudi. Gesi ni mpagazi wa namna hiyo, na mzigo wake ni joto. Anaubebea ndani ya friji kwenye evapareta, anautua nje kwenye kondensa, ile waya nyeusi ya mgongoni. Akifika anakotulia mzigo akakuta hakuna pa kuutua, anarudi ndani na mzigo wake kichwani, na hapo hata ukiongeza wapagazi wengine kumi hujasaidia kitu, umeongeza msongamano tu njiani. Huo ndo ugonjwa nitakaokuonyesha mbele, kwenye friji moja ya mtaa wa Ng'ambo, maana ndo unaotibiwa vibaya kuliko yote.

Kwanza elewa mzigo unabebwaje.

Umeshawahi kuona mtungi wa gesi ya kupikia unatoka jasho? Mtu anapika harage muda mrefu jiko likiwa kwenye moto mkubwa, ukishika mtungi kule chini unakuta baridi na matone ya maji nje. Hakuna aliyeweka barafu pale. Ile gesi ndani ya mtungi imekaa kama maji, na inavyotoka kwenda jikoni lazima ichemke igeuke mvuke, na kitu chochote kikitaka kuchemka kinahitaji joto, kwa iyo inalivuta kwenye chuma cha mtungi na kwenye hewa iliyouzunguka. Chuma kikiporwa joto kinapoa. Evapareta inafanya kazi hiyohiyo, tofauti ni kwamba kwenye friji ule mvuke hatuuchomi, tunaukusanya tunaugeuza tena kuwa maji ili urudi ukachemke upya.

Sasa swali ambalo kila mwanafunzi analiuliza: kitu kinachemkaje kwenye baridi? Jibu unalo nyumbani kwako. Pale Dar maji yanachemka kwenye nyuzi 100. Hapa Tabora tuko juu, kama mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, hewa inayotukandamiza ni nyepesi kidogo, na maji yanachemka kwenye nyuzi kama 96. Maji ni yaleyale, presha ndo imebadilika. Presha ikishuka kitu kinachemka kwenye joto dogo, presha ikipanda kinahitaji joto kubwa zaidi. Ukishaishika hiyo sentensi moja umeshaishika friji nzima, vilivyobaki ni vyuma tu vya kushusha na kupandisha presha.

Chukua R134a, gesi utakayoikuta kwenye friji nyingi za zamani kidogo. Ukiimwaga hewani hapa Tabora itachemka kwenye nyuzi kama 29 chini ya sifuri. (Usiimwage lakini, na kidole chako usikiweke, inaunguza ngozi kwa baridi.) Ndani ya evapareta tunaiachia presha ndogo ili ichemke kwenye nyuzi kama 20 hivi chini ya sifuri, kwa iyo hata nyama ambayo imeshaganda kwenye nyuzi 10 chini ya sifuri bado ni ya moto kwake, na joto linatoka kwenye nyama linaingia kwenye gesi. Joto ni kama maji ya mvua, linateremka tu, kutoka penye moto zaidi kwenda penye moto kidogo, halipandi mlima lenyewe.

Na hapo ndo inakuja kazi ya kompresa. Ule mvuke umebeba joto lakini wenyewe bado ni wa baridi, hauwezi kuutua mzigo kwenye chumba chenye nyuzi 32. Lazima uufanye uwe wa moto kuliko chumba. Kompresa inaubana mpaka presha inafika kwenye kiwango ambacho R134a inarudi kuwa maji kwenye nyuzi 45 mpaka 48 hivi, yani zaidi ya 150 psi upande ule. Sasa nyuzi 45 na chumba nyuzi 32, joto linateremka lenyewe kwenda chumbani, mvuke unageuka maji, mzigo umetuliwa. Afu kuna kale kabomba kembamba, kapilari, tundu lake halifiki hata milimita moja, maji yakipita mle presha inadondoka yakiingia evapareta yanachemka tena. Basi, mzunguko umekamilika.

Hebu tuhesabu kidogo uone mpagazi anavyokimbia. Friji ndogo ya nyumbani inatoa labda wati 120 za joto ndani. Gramu moja ya R134a ikizunguka mara moja inabeba kama jouli 150. Kwa iyo kila sekunde inapita karibu gramu 0.8. Kama friji ina gramu 130 jumla, gesi yote imezunguka mara moja chini ya dakika tatu. Siku nzima ikiwaka ni mamia ya safari, gesi ileile. Mteja akikwambia imeisha kwa sababu friji ya zamani, muulize kwa adabu imetokea wapi, maana kama imepungua kuna tundu, na kama kuna tundu kuongeza bila kuziba ni kumla hela yake mara mbili.

Kitu kimoja tena usikisahau. Kondensa haitoi lile joto la ndani peke yake, inatoa na joto la umeme uliokula kompresa. Ndani zimetoka wati 120, kompresa imekula 80, basi mgongoni lazima zitoke 200. Ndo maana kondensa ni kubwa kuliko unavyodhani inahitajika na ndo maana ikizibwa kidogo tu mambo yanaharibika haraka.

Haya, tuanze kushika.

Friji iwe imewaka angalau nusu saa bila kufunguliwa, vinginevyo mkono wako utakudanganya. Kabla ya yote jaribu body kwa testa kama haina umeme, nyumba zetu nyingi ethi haipo au ipo jina tu. Usiguse kabisa zile pini za kompresa pale kwenye kifuniko cha rilei. Na bomba ziguse kwa mgongo wa vidole, sio kiganja, maana ukishtuka kiganja kinafumba kinang'ang'ania, mgongo wa vidole unaruka. Nunua na kipimajoto kile cha kidijitali chenye kiwaya, ni bei ndogo, unakifunga kwenye bomba kwa selotepu ya umeme unapata namba. Mkono unakwambia wapi, kipimajoto kinakwambia kiasi gani.

Anzia bomba linalotoka kompresa kwenda kondensa, mafundi tunaliita disichaji. Hili ni la moto kweli, nyuzi 60, 70 na zaidi, gusa uachie. Likiwa vuguvugu tu wakati kompresa inanguruma, ama gesi ni kidogo ama kompresa haisukumi.

Panda nalo mpaka juu ya kondensa, hapa ndo nataka utulie, usikimbie. Shika mstari wa kwanza juu, ni moto. Shuka mstari wa pili, wa tatu, utaona unapungua kidogo, ni ule mvuke unapoa tu bado haujawa maji. Afu unafika sehemu ndefu ya katikati ambapo mstari baada ya mstari joto ni lilelile, halishuki. Wanafunzi wanadhani hapo hakuna kinachotokea, kumbe hapo ndo kazi yote inafanyika: mvuke unageuka maji, na kitu kikiwa kinageuka hivyo joto lake halibadiliki mpaka kimemaliza kugeuka, kama sufuria ya maji inavyogoma kuzidi 96 hata ukiongeza kuni. Mistari ya mwisho chini utakuta imepoa tena kidogo, pale ni maji matupu sasa yanapoa. Kondensa nzima inakusomea hivyo: moto sana, joto moja la muda mrefu, afu inapoa. Lile joto la katikati pima uandike kwenye daftari, tuliite joto la kutulia mzigo. Likizidi joto la chumba kwa nyuzi 10 mpaka 15 tu, mgongo ni mzima. Likizidi kwa 25 au 30, mpagazi hana pa kutua.

Ukikuta mgongo hauna waya wowote, ni bati tupu, usibabaike, kondensa imefichwa kwenye kuta za pembeni. Shika ubavu wa friji utasikia joto. Wateja wengi wanaogopa wakishika ubavu wa moto wanadhani imeharibika, waambie ndo joto la nyama yao linatoka. Kwenye friji hizo huwezi kufuata mstari kwa mstari, utabaki na wastani tu wa ubavu.

Baada ya kondensa kuna filta draya, kile kijisilinda cha shaba chenye punje za kunyonya unyevu. Kiwe na joto sawasawa na mistari ya mwisho ya kondensa, vuguvugu. Ukikuta draya ni ya baridi au inatoka jasho, imeziba, kwa sababu presha inadondoka mle ndani badala ya kusubiri kapilari.

Kapilari yenyewe huwezi kuifuata mbali, imegandishwa kwenye bomba linalorudi kwa kompresa. Wameziunganisha makusudi, maji yanayoenda ndani yanapoa zaidi na mvuke unaorudi unapashwa kidogo ili usifike kompresa na matone.

Fungua mlango sasa, angalia evapareta. Barafu laini kama unga iwe imeenea pote, mwanzo mpaka mwisho. Ikiwa imeganda pale mwanzo tu bomba linapoingilia na kwingine pakavu, hapo ndo unaweza kuanza kufikiria gesi kidogo, na ukirudi mgongoni utakuta kondensa nayo haina joto la maana. Dalili hizo mbili zije pamoja. Moja peke yake haitoshi.

Mwisho bomba la kurudi, saksheni, lile nene linaloingia kompresa. Likaribie joto la chumba, labda ubaridi kidogo. Likiwa na jasho sana au barafu nje ya kabati mpaka kwa kompresa, gesi imezidi, maji yanapita evapareta bila kumaliza kuchemka yanakuja kumalizia nje. Kompresa imeumbwa kubana mvuke. Ikipewa maji, yanaosha oili na yanaweza kuvunja vali.

Sasa friji ya Ng'ambo. Ilikuwa Oktoba, unajua joto la Oktoba hapa kwetu kabla mvua hazijakolea, na vumbi lake. Mama mmoja anauza juisi na maji ya kwenye chupa, kanipigia friji haipoi. Nikafika.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba, karibu. Yani hii friji imenitia hasara, juisi ya jana yote imechacha. Fundi alikuja kaongeza gesi, ikapoa siku mbili, akaja tena kaongeza, sasa ndo haipoi kabisa na inajizima jizima."

"Aliongeza kiasi gani mama?"

"Mi ntajuaje baba, alifungua tu chupa akawa anaangalia ile saa yake."

Hiyo jibu peke yake inakutosha kuanza kushuku. Nikasoma kibandiko cha ndani: R134a, gramu 130. Friji imechomekwa kwenye pembe, ukuta huku, kabati la vyombo huku, mgongo umegusa ukuta, na juu yake kapanga maboksi. Sikufungua gegi, ile saa ya kupimia presha. Nikapima chumba kwanza, nyuzi 33. Nikaivuta kidogo nipitishe mkono mgongoni, kondensa imevaa blanketi la vumbi na nywele za paka, zile waya huzioni. Katikati ya kondensa kipimajoto kinasema 63. Yani nyuzi 30 juu ya chumba. Draya ya moto vilevile, haijaziba. Saksheni ina barafu nyeupe mpaka inagusa kompresa. Kompresa yenyewe huwezi kuweka mkono sekunde mbili, na kila baada ya dakika kumi na kitu inasikika "tak", ovalodi, ile kinga ya kompresa, imekata, inakaa kimya, ikipoa inajaribu tena.

Kwa iyo hapa kuna ushahidi wa vitu viwili: pa kutua mzigo pamezibwa, na gesi imezidi. Ukivitibu vyote kwa mpigo hutajua kipi kilikuwa na uzito gani na hutajifunza kitu. Mi huwa natibu kimoja, nasubiri, napima.

Nikachomoa umeme, nikatoa maboksi, nikavuta friji katikati ya chumba. Brashi laini ya kupakia rangi, toka juu kwenda chini kufuata waya, afu pampu ya baiskeli kupuliza yaliyobaki. Usitumie maji ya presha, na usiparuze kwa brashi ya chuma, rangi ikitoka waya unaota kutu na siku moja utavuja. Nikairudisha lakini nikaacha sentimita 10 nyuma, na juu wazi, maana hewa ya kondensa ile haina feni, inapanda yenyewe ikishapata moto: inaingilia chini inatokea juu. Ukiziba juu kwa maboksi umeziba bomba la moshi.

Nikawasha, nikakaa saa moja na nusu kivulini. Nikapima: katikati ya kondensa 52, chumba kimebaki 33. Imeshuka nyuzi 11 kwa brashi na pampu ya baiskeli. Ovalodi haikukata tena. Ila 52 bado iko juu, na saksheni bado ina barafu. Sasa ndo nikafunga gegi, kwa sababu yule fundi aliacha vali ya kuchajia. Upande wa presha ya chini ikasoma 20 psi.

Ishirini ina maana gani? Kwa hapa Tabora R134a ikiwa na 20 kwenye gegi inachemka kwenye nyuzi kama 7 chini ya sifuri. Sasa utagandisha nini kwa hiyo? Freza inataka kuchemsha kwenye 20 chini ya sifuri na kitu, yani gegi isome 5 au 6. Hapa tega sikio: majedwali mengi ya presha na joto yamepigwa kwa usawa wa bahari, na gegi inapima tofauti na hewa ya mahali ilipo. Kwa kuwa hewa yetu ni nyepesi, 5 ya Tabora ni baridi kidogo kuliko 5 ya Dar, kama nyuzi 2 na nusu. Fundi aliyejifunzia pwani akija hapa akitaka kufikisha namba yake ya kule atapunguza gesi inayohitajika kila friji. Upande wa juu tofauti hiyo haionekani, ni ndogo sana kwenye presha kubwa.

Yule mwenzetu naielewa njia aliyopita. Alikuta friji haipoi, akaongeza. Kile kibaridi cha siku mbili sijui kama kilitokana na gesi, usiku kulikuwa na mvua ya kwanza chumba kikapoa, mama mwenyewe alinikumbusha. Gesi ilipozidi, maji yakajaa mistari ya chini ya kondensa, sehemu ya kutulia mzigo ikapungua tena juu ya vumbi lililokuwepo, presha ikapanda, kapilari ikasukumiwa maji mengi kuliko evapareta inavyoweza kuchemsha, presha ya ndani nayo ikapanda, na presha ya ndani ikipanda ndo baridi imeondoka. Gesi nyingi, baridi kidogo.

Nikaitoa yote kwa mashine ya kunyonyea mpaka kwenye mtungi ulio juu ya mzani. Hewani haiachiwi, R134a inapasha dunia joto mara 1,430 kuliko hewa ukaa uzito kwa uzito, na hata pasipo hilo ni gesi ambayo ungeweza kuipima ukajua ukweli. Mzani ukasoma gramu 185. Na mashine huwa haitoi yote, nyingine inabaki kwenye oili, kwa iyo ilizidi gramu 55 kwa uchache.

Kwa nini sikupunguza tu kidogo kidogo mpaka gegi iseme 6? Kwa sababu mtu anayechaji kwa macho mara nyingi haitoi hewa kwenye hozi kabla ya kufungua, na hewa ikiingia kwenye mfumo haigeuki maji kamwe, inakaa kondensani inachukua nafasi na kupandisha presha, na unyevu wake unaganda mdomoni mwa kapilari. Nikakata draya ya zamani nikachomea mpya, nikaijaza naitrojeni kuangalia maungio kwa povu la sabuni, hakuna tundu. Draya mpya usiifungue kifuniko mpaka dakika ya kuchomea, punje zake zinanyonya unyevu wa hewa kama chumvi. Pampu ya vakyumu dakika 45, nikafunga vali, nikaangalia sindano robo saa haijarudi. Kisha gramu 130 kwa mzani mdogo wa kidijitali, chupa imekaa juu ya mzani, hozi imetolewa hewa, macho kwenye namba.

Baada ya saa tatu: kondensa katikati 46, chumba 32. Draya vuguvugu. Gegi 6. Saksheni baridi kidogo, haina jasho. Freza nyuzi 17 chini ya sifuri, barafu imetanda pote kama unga wa muhogo. Nilipoona ile 46 na 32 nilifurahi kuliko nilipoona barafu, kwa sababu barafu hata friji mbovu inaweza kukuonyesha kwa muda, lakini tofauti ya nyuzi 14 mgongoni ina maana mzigo unatuliwa.

Kabla sijaondoka nikamwambia mama kitu kimoja kuhusu chupa. Anaweka lita 20 za maji asubuhi kwa mpigo, yana nyuzi 30. Kuyashusha mpaka nyuzi 5 ni kutoa joto ambalo friji yake inahitaji karibu saa tano kulimaliza, hata kama haina kazi nyingine.

"Kwa iyo niweke jioni?"

"Weka jioni mama, usiku chumba kimepoa, na mgongo unatua mzigo vizuri zaidi. Asubuhi unakuta tayari."

Friji ikiwa na R600a, hatua ni zilezile ila usizifanye bila mafunzo ya gesi hiyo. Ni jamaa ya gesi ya kupikia, inawaka, hakuna kuwasha tochi ya kuchomelea mpaka imetoka yote na dirisha liko wazi, na mashine ya kunyonyea iwe ya kwake. Upande wa chini hufanya kazi chini ya presha ya hewa, gegi itasoma vakyumu na friji ni nzima kabisa, usije ukadhani imeisha ukaongeza. Hiyo usiichaji kwa kuangalia sindano, ni mzani tu, maana ujazo wake ni gramu chache, 40, 50, ukikosea 10 umeshaharibu.

Yule mama nilimchorea mstari wa chaki sakafuni pale miguu ya mbele ya friji inapoishia, maana watu wakideki wanaisukuma irudi ukutani. Niliporudi mwezi uliofuata kupeleka kipimajoto changu mgongoni, ilikuwa 44, chumba 30, na chaki alishaibadilisha kuwa rangi ya mafuta.